Siku Tatu za Shamba: Jinsi Watumwa wa Saint-Domingue Walivyojikomboa

Tarehe 14 Septemba 1776, sultani wa Kilwa, Hasan bin Ibrahim, alifanya mkataba na Mfaransa mmoja aitwaye Jean-Vincent Morice, tabibu aliyegeuka mfanyabiashara wa baharini. Maneno yake yalikuwa machache. Sultani angempa watumwa elfu moja kila mwaka, kila kichwa kwa reale ishirini, na Morice angetoa reale mbili zaidi kwa kila mmoja, zawadi ya sultani mwenyewe. Mtu mwingine asiruhusiwe kununua, awe Mfaransa, Mholanzi au Mreno, mpaka Morice apate shehena yake. Mkataba udumu miaka mia moja.

Haukudumu hivyo, kwa kuwa miaka michache baadaye Waomani waliikalia Kilwa na mambo yakabadilika. Lakini biashara yenyewe haikukoma. Sisi wa Mikindani tumekaa katikati ya njia hiyo, kati ya Kilwa upande wa kaskazini na visiwa vya Kirimba na Ibo upande wa kusini, na bara letu la Ruvuma ndilo lililokuwa likitoa watu: Wamakua, Wayao, Wamakonde na majirani zao. Wengi walipelekwa Morisi na Reunion, visiwa ambavyo wakati huo vyote viwili vilikuwa vya Wafaransa. Katika miaka ya 1780, hata hivyo, meli za Kifaransa zilianza kuchukua watu wa Msumbiji na Kilwa, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, zikavuka Atlantiki na kuwashusha katika koloni la sukari la Saint-Domingue, nchi ambayo leo inaitwa Haiti. Kule waliandikwa jina moja la jumla, "Wamozambiki", hata yule aliyepandishwa chomboni Kilwa.

Hawakuwa wengi. Walio wengi walitoka Kongo na Afrika ya Magharibi, na asidai mtu kwamba Haiti ilikombolewa na watu wa Ruvuma. Ninaanza na mkataba wa Kilwa kwa sababu nyingine. Hapa Mikindani mgeni huonyeshwa jengo liitwalo Soko la Watumwa, kisha hupelekwa kwenye nyumba yenye kibao cha Livingstone, aliyepita hapa mwaka 1866. Hadithi ya uhuru tunayosimuliwa ni ya Mzungu aliyekuja kutuonea huruma, na ya amri zilizofuata: soko la Unguja kufungwa 1873, sheria ya Waingereza kuufuta utumwa Tanganyika 1922. Kumbe katika uzao uleule wa mkataba wa Kilwa, ng'ambo ya bahari mbili, kuna watu waliouzwa pwani hii wakafika mahali ambapo watumwa hawakungoja amri ya mtu.

Ili kuelewa walichokifanya, yafaa kwanza kuelewa sukari.

Saint-Domingue ilikuwa theluthi ya magharibi ya kisiwa kimoja, eneo lisilofika nusu ya mkoa wa Lindi. Mwaka 1789 ilikuwa na watumwa karibu 500,000, Wazungu zaidi kidogo ya 30,000, na watu huru wa rangi karibu idadi hiyohiyo, yaani machotara na weusi waliokombolewa, baadhi yao wakiwa na mashamba na watumwa wao wenyewe. Nchi hiyo ndogo ilitoa takriban asilimia 40 ya sukari ya Ulaya na zaidi ya nusu ya kahawa yake.

Muwa haungoji. Ukikatwa, maji yake huanza kuchacha kabla siku haijaisha, kwa hiyo kinu kilicho karibu na shamba lazima kisage usiku na mchana msimu mzima. Miwa hupitishwa kati ya magogo matatu yaliyosimama wima, yakizungushwa na nyumbu au maji. Maji yake hutiririka mpaka kwenye jiko, na huko huchemshwa katika masufuria makubwa yaliyopangwa mstari, yakihamishwa kutoka moja hadi jingine kwa upawa mrefu mpaka yagande. Aliyekuwa akilisha kinu usiku wa manane, akisinzia, vidole vikinaswa, magogo huvuta mkono mzima. Katika vinu vingi vya visiwa vile shoka liliwekwa karibu, la kumkata mtu mkono kabla mwili haujafuata. Watu walikufa kwa kasi kuliko walivyozaliwa, na wenye mashamba walipiga hesabu wakaona kununua mtu mpya ni rahisi kuliko kumtunza wa zamani. Ndiyo maana, ilipofika 1790, meli zilikuwa zikishusha zaidi ya watu 40,000 kwa mwaka, na zaidi ya nusu ya watumwa wote walikuwa wamezaliwa Afrika.

Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa mpangilio wa shamba kama hilo. Sisi tulikuwa na majina ya kila ngazi: mjinga, aliyeshuka chomboni juzi; mzalia, aliyezaliwa utumwani na anayeijua lugha; na juu yao nokoa na kadamu, wenyewe watumwa, waliowasimamia wenzao. Saint-Domingue walikuwa na ngazi zilezile kwa majina ya Kifaransa. Kuna jambo lingine linalofanana, na hilo ndilo uzi wa makala haya. Katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, mtumwa kwa kawaida alipewa siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, za kulima kijishamba chake. Saint-Domingue mtumwa alipata Jumapili, na saa chache alizoziiba, za kupanda viazi, ndizi na mihogo; mara nyingi mabwana walimwachia ajilishe mwenyewe. Kile kibustani ndicho mahali pekee ambapo mtu alijua jasho lake linakwenda wapi.

Sasa twende Agosti 1791. Jumapili ya tarehe 14, watumwa kama mia mbili walikutana katika shamba la Lenormand de Mézy, kwenye uwanda wa kaskazini nyuma ya mji wa Le Cap. Hawakuwa wajinga walioshuka juzi. Walikuwa manokoa, wapishi, waendesha magari ya farasi, watu walioruhusiwa kutembea kutoka shamba hadi shamba bila kuulizwa, kila mmoja akiwakilisha wenzake. Hapo pana funzo ambalo wenye mashamba walilipata wakiwa wamechelewa: mfumo uliompa nokoa mamlaka ya kuwaamrisha watu mia mbili alfajiri ndio uliompa uwezo wa kuwaamsha watu haohao usiku.

Mkutanoni ilisomwa karatasi. Ilisema mfalme wa Ufaransa ameamuru watumwa wapewe siku tatu kwa wiki za kwao, na mijeledi ikomeshwe, ila mabwana wa koloni wamekataa kutii. Habari hiyo ilikuwa ya uongo, mfalme hakuwa amesema lolote la namna hiyo. Lakini uongo una thamani yake kwa mchambuzi, maana unaonyesha watu walikuwa tayari kuamini nini. Hawakuzungumza kwanza juu ya katiba wala haki za binadamu, ingawa maneno hayo yalikuwa yakipigiwa kelele Paris tangu 1789. Walizungumza juu ya siku. Siku tatu badala ya moja, na jembe langu katika ardhi yangu.

Wengine walitaka wangoje askari wa mfalme waje kuitekeleza amri. Wengine walisema wasingoje. Wasiotaka kungoja walishinda. Baadhi walifanya haraka kupita kiasi, wakatia moto kabla ya wakati, wakakamatwa na kuanza kusema, lakini wenye mashamba hawakuamini waliyoyasikia. Siku chache baadaye likafanyika kusanyiko la kiapo msituni, mahali paitwapo Bois Caïman, linalokumbukwa kwa Boukman Dutty na kwa mwanamke kuhani, Cécile Fatiman. Usiku wa tarehe 22 Agosti moto ulianzia wilaya ya Acul. Walichoma miwa, kisha vinu, kisha masufuria wakayavunjavunja. Katika siku nane za mwanzo mashamba ya miwa yapatayo 184 yaliteketea. Uharibifu huo haukuwa wazimu wa watu wenye hasira tu. Miwa huota tena. Kinu kilichovunjwa hakioti.

Boukman aliuawa Novemba, kichwa chake kikawekwa hadharani mjini Le Cap, na uongozi ukabaki kwa Jean-François na Biassou. Ndipo kikatokea kisa ambacho wapenda mashujaa hukipita haraka. Mwezi Desemba viongozi hao waliwaandikia wakoloni: wapewe hati za uhuru mia nne, za wao na maofisa wao, nao watawarudisha maelfu waliobaki mashambani. Katika mazungumzo, idadi ilishushwa mpaka kama sitini. Kati ya waliokuwa wakishauri upande wa watumwa alikuwamo mtu wa makamo aitwaye Toussaint, aliyezaliwa mtumwa katika shamba la Bréda, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshakuwa huru miaka mingi na aliwahi hata kukodi shamba la kahawa lenye watumwa.

Wakoloni walikataa. Kwa kiburi chao walikataa kununua nchi nzima kwa watu sitini. Na wapiganaji wa kawaida walipoona wafungwa wa Kizungu wakirudishwa mjini, walikasirika, wakawazonga wasindikizaji kwa mapanga njiani. Walielewa kwamba kulikuwa na biashara inaendelea na wao ndio bidhaa. Tangu siku hiyo, katika miaka yote kumi na miwili ya vita, kuna pande tatu na si mbili: mabwana, majenerali, na wale wa jembe.

Kwa nini basi maasi haya hayakuzimwa, wakati karibu yote mengine duniani yalizimwa? Tuna la kulinganisha nalo karibu na nyumbani. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba ya miwa ya Pangani waliasi, wakakimbilia Makorora, wakajenga kijiji chenye boma, na mabwana zao walipowaendea kwa silaha walishindwa kuwatoa. Huko Juba nako, Wazigua, Wayao na Wamakua waliotoroka mashamba ya Benadir walijenga vijiji huru msituni, mahali paitwapo Gosha. Hao wote walijikomboa kweli. Lakini walipata kijiji, hawakupata dola, na sababu yake si upungufu wa ujasiri. Mtoro wa Pangani alikuwa na bara nyuma yake, mahali pa kwenda. Akishapata pa kukaa hakuwa na haja ya kumfukuza bwana wake pwani. Mtu wa Saint-Domingue alikuwa kisiwani. Milima ilimficha kwa muda, lakini bila kuuvunja utawala wenyewe hakuwa na mwisho wa kufukuzwa.

Sababu nyingine ni kwamba mabwana waligombana wenyewe kwa wenyewe. Watu huru wa rangi walikuwa wakidai usawa na Wazungu tangu 1790, wakaunyimwa, wakashika silaha. Ufaransa nayo ilikuwa katika mapinduzi yake, na mwanzoni mwa 1793 ikaingia vitani na Uingereza na Hispania kwa pamoja. Wahispania, wenye upande wa mashariki wa kisiwa, waliwapa waasi bunduki, sare na vyeo ili waipige Ufaransa. Waingereza walikuwa tayari kuja kulinyakua koloni kwa niaba ya wenye mashamba. Makamishna wawili kutoka Paris, Sonthonax na Polverel, walijikuta hawana askari wa kutosha, na mwezi Juni 1793 gavana mpya, Galbaud, akawageuka mjini Le Cap. Hapo makamishna walifanya jambo ambalo hawakuwa wametumwa kulifanya: waliahidi uhuru kwa kila mtumwa atakayewapigania. Maelfu wakashuka kutoka milimani, mji ukaungua, Galbaud akakimbilia merikebuni.

Ahadi ya aina hiyo hairudishwi. Ukishamwachia huru mpiganaji, utamwambia nini mkewe na watoto wake? Tarehe 29 Agosti 1793 Sonthonax alitangaza mwisho wa utumwa katika mkoa wote wa kaskazini, Polverel akafuata kwingine, na tarehe 4 Februari 1794 bunge la Paris likaridhia kwa makoloni yote. Mmoja wa wajumbe waliofika kuipeleka habari bungeni, Jean-Baptiste Belley, alikuwa mzaliwa wa Afrika ya Magharibi aliyewahi kuwa mtumwa. Vitabu vingi huandika kwamba Ufaransa iliufuta utumwa mwaka 1794. Ni kweli kwa karatasi. Kwa hali ilivyokuwa, Paris iliweka mhuri juu ya jambo lililokwisha kufanyika.

Mwezi Mei 1794 Toussaint, ambaye sasa alijiita Louverture, aliwaacha Wahispania akajiunga na Ufaransa, na kwa miaka minne alipigana na Waingereza mpaka wakaondoka 1798. Homa ya manjano ilimsaidia sana. Mbu wa pale hakumbagua jenerali na askari, ila alimbagua mgeni na mwenyeji, kwa kuwa aliyeugua utotoni na kupona haugui tena. Waingereza walizika maelfu kwa maelfu bila kupigana vita vikubwa.

Hapa ndipo uzi wetu wa siku na shamba unaporudi. Uhuru umetangazwa, nani atakata miwa? Polverel aliandika kanuni: wafanyakazi watabaki katika mashamba yaleyale na kugawana sehemu ya mapato. Mapema 1794 akawataka wachague. Wakifanya kazi siku sita kwa wiki, watapata fungu kamili. Wakitaka siku tano, fungu lao litakatwa nusu. Kwa akili ya mhasibu hakuna mtu angechagua siku tano. Mashambani wengi walichukua Jumamosi yao bila kumwomba mtu, wakaenda kwenye vibustani. Wanawake walilalamika kwamba fungu lao limewekwa dogo kuliko la wanaume ilhali walikuwa wakifanya kazi ileile katika mstari uleule wa majembe. Walikuwa na haki: wengi wa wakata miwa walikuwa wanawake.

Toussaint alikaza kamba zaidi. Alihitaji bunduki, bunduki zinanunuliwa kwa sukari na kahawa, na aliamini kwamba bila mashamba makubwa nchi isingeweza kujilinda. Hoja yake si ya kupuuzwa. Oktoba 1800 alitoa amri iliyomfunga kila mlimaji kwenye shamba lake kama askari kwenye kikosi. Asiondoke bila cheti, na malipo yawe robo ya mavuno yagawanywe kwa wote. Mjeledi ulipigwa marufuku, lakini rungu la msimamizi lilibaki. Kisha Februari 1801 akafanya jambo ambalo kwangu ndilo linaloeleza zaidi kuliko katiba aliyoitoa baadaye. Watu wa mashambani walikuwa wamegundua njia: wanachanga vijisenti, watu kadhaa kwa pamoja, wananunua kipande kidogo, wanahamia. Toussaint akakataza wanaoandika mikataba wasisajili mauzo ya ardhi chini ya karo hamsini, kama ekari mia na sitini. Kwa mlimaji wa kawaida hiyo ilikuwa sawa na kumwambia hutapata kamwe.

Oktoba 1801 walimaji wa kaskazini waliasi, safari hii dhidi ya serikali ya mtu mweusi. Jenerali Moïse, ambaye Toussaint alimhesabu mpwawe na ambaye hakuipenda kamwe siasa hiyo ya mashamba, alishutumiwa kuwa nyuma yao, akapigwa risasi kwa amri ya Toussaint.

Napoleon hakuyajali hayo. Aliona tu katiba iliyomfanya Toussaint gavana wa maisha, na sukari iliyopotea. Februari 1802 shemeji yake, Leclerc, alifika na askari wapatao 20,000, wengine wakafuata. Toussaint alitarajia nchi nzima isimame naye. Haikusimama yote, na mtu aliyesoma amri zake hashangai. Baada ya vita vikali vya miezi mitatu majenerali wake wakakubaliana na Wafaransa mmoja baada ya mwingine, Christophe kwanza, kisha yeye mwenyewe na Dessalines. Tarehe 7 Juni alialikwa mazungumzoni, akakamatwa, akapelekwa ngome ya Fort de Joux katika milima baridi ya Ufaransa. Alifia humo tarehe 7 Aprili 1803.

Kama historia hii ingekuwa ya mtu mmoja, ingeishia hapo. Waliobaki wakipigana kiangazi kile cha 1802 hawakuwa majenerali. Walikuwa vikundi vidogo milimani, wengi wao wazaliwa wa Afrika, chini ya watu kama Sans-Souci, Mkongo, na Macaya. Hawakujipanga mstari uwanjani kama Wazungu. Walishambulia, wakatawanyika, wakarudi kutoka upande mwingine. Wengi walikuwa wamejifunza vita Kongo kabla hawajauzwa. Mambo mawili yaliwaongezea watu. Leclerc aliamuru bunduki zote za wananchi zikusanywe, na mtu aliyepewa bunduki pamoja na uhuru alijua kinachofuata ikichukuliwa. Kisha zikafika habari kutoka kisiwa cha Guadeloupe kwamba huko utumwa umerudishwa. Safari hii karatasi haikuwa ya uongo.

Majenerali weusi na machotara, ambao kwa miezi ile walikuwa wakiwawinda wenzao kwa niaba ya Wafaransa, waligeuka Oktoba 1802: Pétion, Clervaux, Christophe, Dessalines. Leclerc alikufa kwa homa ya manjano mwanzoni mwa Novemba. Aliyemrithi, Rochambeau, aliagiza kutoka Kuba mbwa wa kuwararua watu, akawazamisha mateka baharini, na kwa ukatili huo akawaunganisha waliokuwa bado wanasitasita. Lakini umoja huo ulikuwa na bei yake. Sans-Souci alikataa kuwa chini ya watu waliomwinda juzi, akaitwa kwenye mazungumzo na Christophe, akauawa. Jeshi lililokwenda kuanzisha dola lilianza kwa kumwondoa mtu ambaye hakuwa ameweka silaha chini.

Tarehe 18 Novemba 1803 Wafaransa walishindwa Vertières, nje ya Le Cap, na tarehe 1 Januari 1804, mjini Gonaïves, Dessalines alitangaza uhuru. Nchi ikapewa jina la wenyeji wa kale waliomalizwa na Wahispania: Haiti, nchi ya milima. Katika miezi iliyofuata aliamuru Wafaransa waliobaki wauawe, wanawake na watoto wakiwamo. Wapo wanaolieleza jambo hilo kwa hofu ya Ufaransa kurudi, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Mauaji nayo yalikuwa ya kweli. Katiba ya 1805 iliufuta utumwa milele, ikakataza Mzungu kumiliki ardhi, ikasema raia wote wataitwa weusi, hata wale Wapolandi na Wajerumani waliopewa uraia. Hivyo neno "mweusi" likawa jina la uraia.

Na miwa? Dessalines alirudisha amri za mashamba makubwa, akauawa na watu wake Oktoba 1806. Christophe akatawala kaskazini na baadaye kujifanya mfalme, akiwashurutisha watu kufanya kazi. Pétion akatawala kusini, akaanza kuwagawia askari wake vipande vya ardhi. Kila aliyeshika madaraka aliandika kanuni za kuwafunga walimaji kwenye vinu, na kila mara watu walipanda mlimani, wakafyeka, wakapanda kahawa kidogo, ndizi na viazi, familia kadhaa katika ua mmoja. Kufikia miaka ya 1820 usafirishaji wa sukari ulikuwa umekaribia kwisha kabisa. Wachumi wa Ulaya waliandika kwamba nchi imeanguka. Yule wa mlimani alikuwa amezipata zile siku tatu, na nne nyingine juu yake.

Wafaransa walirudi Julai 1825, na meli za kivita 14. Hawakudai nchi, walidai fidia: faranga milioni 150, ndipo mfalme Charles wa Kumi aitambue Haiti. Rais Boyer alikubali chini ya mizinga. Kulipa fungu la kwanza alikopa milioni 30 kutoka benki za Paris, akapokea 24 tu mkononi baada ya makato. Mwaka 1838 fidia yote ilipunguzwa hadi milioni 90, lakini chanzo cha malipo hakikubadilika: ushuru wa kahawa, yaani ile kahawa kidogo ya mlimani.

Paris iliunda tume ya kugawa fedha hizo. Waliokuwa wenye mashamba walipeleka madai yao, tume ikakadiria mali ya kila mmoja ilivyokuwa 1789, ikampa sehemu ya kumi ya thamani. Orodha ilichapwa kati ya 1828 na 1834, vitabu sita, jina la mwenye mali, mahali, kiasi. Thamani ya shamba ilijumuisha ardhi, kinu, na watu waliokuwa humo. Mtu aliyenunuliwa Kilwa kwa reale ishirini, na mbili za zawadi kwa sultani, yumo ndani ya hesabu ile, bila jina, na aliyetoa fedha za kumlipia ni mwanawe, gunia kwa gunia.